Mruko ni wa Mkono, Mpindo ni wa Mmenyuko

Hotuba hii niliitoa Kigoma mjini, wakati wa likizo, mbele ya walimu wa kemia na wanafunzi wa kidato cha sita. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, na maswali niliyoulizwa nimeyaacha palepale yalipoulizwa.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi wanangu mliotoka Ujiji, Mwanga, Gungu na wengine Kasulu huko, hamjambo?

Nimekuja na grafu moja tu. Nitaichora ubaoni polepole, nanyi mnaweza kuichora kwenye daftari zenu pamoja nami. Mhimili wa chini ni muda. Mhimili wa kusimama ni ukolezi, yaani kiasi cha dutu kilichomo katika kila lita moja, kikipimwa kwa moli. Ndani ya chupa iliyofungwa kuna gesi mbili. Ya kwanza ni dainaitrojeni tetroksaidi, N₂O₄, ambayo haina rangi. Ya pili ni naitrojeni dioksaidi, NO₂, yenye rangi ya kahawia. Molekuli moja ya ile ya kwanza huvunjika ikatoa mbili za hii ya pili, na mbili za hii ya pili zikigongana zinaweza kuungana zikarudi kuwa moja:

N₂O₄ ⇌ 2NO₂

Tuseme chupa yetu iko kwenye joto lisilobadilika, na kwa joto hilo konstanti ya msawazo K ni 0.40. Namba hiyo nimeichagua mimi ili hesabu zitoke safi. K tunaipata kwa kuchukua ukolezi wa NO₂, tukauzidisha kwa wenyewe, kisha tukagawanya kwa ukolezi wa N₂O₄. Mwanzoni mwa grafu yangu NO₂ iko 0.20 na N₂O₄ iko 0.10. Mara 0.20 kwa 0.20 ni 0.04; gawanya kwa 0.10, unapata 0.40. Kwa hiyo mistari yote miwili imelala sawasawa. Tuko kwenye msawazo.

Nasimama hapa kidogo, maana mstari uliolala huwadanganya wengi. Kulala kwake hakumaanishi kwamba ndani ya chupa kumetulia. N₂O₄ bado inavunjika, na NO₂ bado inaungana, ila kwa kasi iliyo sawa, kwa hiyo kinachotoka na kinachoingia vinalingana. Utazame mstari ule kama unavyotazama soko la samaki la Kibirizi asubuhi: watu wanaingia, watu wanatoka, na ukihesabu waliomo unapata idadi ileile, lakini hakuna aliyesimama.

Jambo la pili. Mistari miwili haikulala kwenye kimo kimoja. Mmoja uko 0.20, mwingine 0.10. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi ambamo mtu ameandika kwamba msawazo umefikiwa "pale mistari inapokutana". Hapana. Msawazo unafikiwa pale mistari inapolala. Kama kimo chake kinalingana au hakilingani, hilo linaamuliwa na K na kiasi ulichotia. Likumbukeni hili, kwa sababu baadaye nitawachorea mahali ambapo mistari inakutana kweli, nami sitaki mdanganyike hapo.

Sasa tufike dakika ya 10. Hapo ndipo mkono unapoingia.

Nachora mstari wa NO₂ ukipanda wima kutoka 0.20 hadi 0.55. Ni wima kabisa, bila kuinama hata kidogo. Kisha, kutoka kwenye kilele hicho, mstari unaanza kushuka: kwanza kwa kasi, halafu polepole zaidi na zaidi, mpaka unalala tena kwenye 0.30. Na mstari wa N₂O₄? Katika dakika ileile ya 10 haukuruka. Ulikuwa 0.10, ukabaki 0.10, ila kuanzia hapo umeanza kuinuka kwa mpindo, mpaka umelala kwenye 0.225.

Naomba mtu aniambie kimetokea nini.

Kijana mmoja wa mbele akasema: "Mwalimu, NO₂ imeongezeka, kwa hiyo msawazo umeelekea upande wa kulia, upande wa NO₂."

Ahsante, mwanangu. Nashukuru umelisema mbele ya watu, kwa sababu ndilo lililonileta hapa. Ulitazama mruko, ukadhani mruko ndio mwelekeo wa msawazo. Sivyo. Mruko ni wa mkono. Kuna mtu amefungua bomba akaingiza NO₂ chupani. Mmenyuko wenyewe hauwezi kuruka. Mmenyuko huenda molekuli kwa molekuli, kwa kasi yenye kikomo, kwa hiyo kazi yake huonekana kwenye grafu kama mpindo. Ukitaka kujua msawazo umeelekea wapi, funika mruko kwa kidole na utazame kinachotokea baada yake. Hapa, baada ya mruko, NO₂ inashuka na N₂O₄ inapanda. Basi msawazo umeelekea kushoto, upande wa N₂O₄. Ni kinyume kabisa cha jibu la mwanzo, ingawa grafu ni ileile.

Wengi wenu mmepanda treni. Inapofika stesheni ya Kigoma kutoka Tabora, jukwaa hujaa watu kwa mara moja. Huo ndio mruko, nao umeletwa na treni. Kisha watu wanaanza kutawanyika kwenda mjini, wengi mwanzoni, wachache baadaye. Huo ndio mpindo. Anayetazama jukwaa lilivyojaa akasema "watu wanaelekea jukwaani" atakuwa ameuona ujazo, lakini mwendo hajauona. Mfano huu unaishia hapo, wala tusiusukume mbali zaidi, kwa sababu molekuli za NO₂ zina tabia moja ambayo abiria hawana, nami naifikia sasa.

Kwa nini NO₂ ishuke? Wengi hujibu kwa kanuni ya Le Chatelier, Mfaransa aliyeitoa mwaka 1884: mfumo ulio kwenye msawazo ukisumbuliwa, huelekea upande unaopunguza usumbufu huo. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini haisemi kwa nini, na peke yake haikupi namba. Mimi napenda tuanzie kwenye kasi.

Ili NO₂ iungane, lazima molekuli mbili zikutane. Kwa hiyo kasi ya kuungana inategemea ukolezi wa NO₂ ukizidishwa kwa wenyewe. Mkono umepandisha NO₂ kutoka 0.20 hadi 0.55, yaani mara 2.75. Zidisha 2.75 kwa 2.75 upate mara 7.6 hivi. Katika nukta ileile ya mruko, kasi ya kuungana imekuwa zaidi ya mara saba na nusu ya ilivyokuwa. Na kasi ya kuvunjika? N₂O₄ bado iko 0.10, hakuna aliyeigusa, kwa hiyo inavunjika kwa kasi ileile ya jana. Kasi mbili zilizokuwa sawa sasa zimeachana sana. Kuungana kumeshinda, NO₂ inaliwa, N₂O₄ inaongezeka. Lakini kadiri NO₂ inavyopungua, kuungana kunapungua kasi, na kadiri N₂O₄ inavyoongezeka, kuvunjika kunaongeza kasi. Pengo kati ya hizo mbili linazidi kuwa dogo, ndiyo maana mpindo unaanza mkali kisha unalainika. Pengo likiisha, mistari inalala.

Mkiona grafu ambayo mpindo wake unaanza taratibu baada ya mruko, kisha unakuwa mkali katikati, mchoraji amekosea. Pengo la kasi huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote katika nukta ya mruko wenyewe, na ni hapo mteremko unapopaswa kuwa mkali kabisa. Vilevile mstari ukishuka chini ya kimo chake cha mwisho kisha ukapanda tena, hilo nalo ni kosa. Kadiri mfumo huu unavyokaribia kimo kipya ndivyo unavyopunguza mwendo, na kukipita haukipiti.

Sasa namba. Katika nukta ya mruko, fanya hesabu ileile ya K, lakini kwa ukolezi wa wakati huo. Matokeo yake tunayaita Q. Mara 0.55 kwa 0.55 ni 0.3025, gawanya kwa 0.10, Q ni 3.025. K yetu ni 0.40. Q imezidi K, maana yake juu ya mstari wa kugawia kuna NO₂ nyingi mno. Lazima NO₂ ipungue na N₂O₄ iongezeke mpaka Q irudi 0.40. Angalia tulipofika: NO₂ ni 0.30, na mara 0.30 kwa 0.30 ni 0.09. N₂O₄ ni 0.225. Gawanya 0.09 kwa 0.225, upate 0.40. Joto halikubadilika, kwa hiyo K haikubadilika, ingawa vimo vyote viwili vimebadilika.

Kisha pima umbali wa mipindo. NO₂ imeshuka kutoka 0.55 hadi 0.30, ambayo ni 0.25. N₂O₄ imepanda kutoka 0.10 hadi 0.225, ambayo ni 0.125. Mbili kwa moja, sawasawa na namba zilizo kwenye mlinganyo. Hii ndiyo hakiki ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji hata kuijua K. Ukichora mipindo miwili yenye urefu sawa kwa mmenyuko huu, umechora kitu ambacho hakiwezi kutokea, kwani kila N₂O₄ moja inayoundwa imekula NO₂ mbili. Na angalizo: uwiano huo ni wa mipindo, mruko haumo. Ukipima NO₂ kutoka 0.20 hadi 0.30, ukasema imepanda 0.10, uwiano utavurugika, kwa sababu umechanganya kazi ya mkono na kazi ya mmenyuko.

Hapo binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu. Kama mfumo unapinga usumbufu, mbona NO₂ haijarudi 0.20?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo maneno ya kanuni huliacha gizani. Kupunguza usumbufu si kuufuta. Tulitia 0.35, mmenyuko ukala 0.25, ikabaki 0.10 juu ya kimo cha zamani. Jaribu kudhani kwamba imerudi 0.20. Basi NO₂ ingekuwa imeshuka 0.35, na N₂O₄ ingekuwa imepanda nusu yake, 0.175, ikafika 0.275. Hesabu Q: 0.04 gawanya kwa 0.275, unapata kama 0.145. Hiyo iko chini ya K. Mmenyuko ungekuwa umepitiliza, na tumeshasema haupitilizi. Kwa hiyo dutu uliyoiongeza hukaa mahali fulani kati ya kimo cha zamani na kilele cha mruko. Mwanafunzi anayechora mstari wa NO₂ ukirudi hadi 0.20, au chini yake, nakata alama bila kusita, na naamini hata yeye akiifanya hesabu hii atakubaliana nami.

Tuendelee. Chukua tena chupa yetu ya mwanzo, 0.20 na 0.10, lakini sasa iwe ni silinda yenye pistoni. Dakika ya 10 ninaisukuma pistoni mpaka ujazo unabaki theluthi moja, joto likishikiliwa palepale. Sijatia kitu, sijatoa kitu. Lakini molekuli zilezile sasa ziko kwenye nafasi ndogo mara tatu, kwa hiyo ukolezi wa kila gesi umekuwa mara tatu. NO₂ inaruka kutoka 0.20 hadi 0.60. N₂O₄ inaruka kutoka 0.10 hadi 0.30. Mistari yote miwili imeruka kwa wakati mmoja, na kila mmoja kwa mara ileile. Hii ndiyo alama ya ujazo. Ukiona mstari mmoja tu umeruka, tafuta aliyetia au kutoa dutu. Ukiona yote imeruka kwa kiwango kimoja cha kuzidisha, tafuta pistoni.

Walimu wenzangu, tuwe waangalifu hapa: kiwango cha kuzidisha, si cha kujumlisha. NO₂ imepanda 0.40 na N₂O₄ imepanda 0.20. Kwa macho miruko hailingani, na wanafunzi wengine huona mstari mmoja umeruka zaidi wakadhani gesi ile imeongezwa. Gawanya kimo cha baada kwa kimo cha kabla. Ukipata tatu na tatu, jibu ni ujazo.

Na msawazo uende wapi? Kasi tena. NO₂ ni mara tatu, kwa hiyo kuungana ni mara tisa. N₂O₄ ni mara tatu, kwa hiyo kuvunjika ni mara tatu tu. Kuungana kumeshinda. Q ni 0.36 gawanya kwa 0.30, yaani 1.20, iko juu ya K. NO₂ inashuka kutoka 0.60 hadi 0.40, N₂O₄ inapanda kutoka 0.30 hadi 0.40. Hakiki: imeshuka 0.20, imepanda 0.10, mbili kwa moja. Hakiki tena: 0.16 gawanya kwa 0.40 ni 0.40.

Hapa ndipo mistari miwili imekutana, kama nilivyowaahidi. Imekutana kwa sababu K yetu ni 0.40, na theluthi ya ujazo imetuleta hasa pale ambapo ukolezi wote ni 0.40. Ningesukuma pistoni mpaka nusu badala ya theluthi, mistari isingekutana, na msawazo ungefikiwa vilevile. Huko ni kukutana kwa namba tu.

Nilipofika hapa, mwalimu mmoja mwenzangu alisimama akaeleza kwamba amewahi kuona jaribio hili likifanywa kwa sirinji ya kioo. Ukisukuma, gesi inakuwa kahawia nzito ghafla, kisha inafifia kidogo machoni pako. Akauliza kama kufifia kule ndio mpindo wenyewe.

Swali hili nalishukuru sana, kwa sababu linagusa mahali ambapo grafu ya mtihani na chupa halisi vinaachana. Kuvunjika na kuungana kwa gesi hizi ni kwa haraka mno. Ukisumbua msawazo wake kwenye joto la kawaida la chumba, unarudi ndani ya maikrosekunde, na sekunde moja ina maikrosekunde milioni moja. Hakuna mkono unaosukuma pistoni kwa haraka hiyo. Wakati kidole chako bado kiko njiani, mmenyuko umeshafanya kazi yake. Basi kufifia ambako macho yanakuona kunatokana na nini? Kwa sehemu kubwa ni joto. Gesi ikigandamizwa ghafla hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi, na moto huo hupendelea NO₂, ile ya kahawia. Kisha gesi inapoa kupitia kioo, na inavyopoa ndivyo NO₂ inavyoungana na rangi inavyofifia. Unaona mpindo wa kweli, ila kasi yake inapangwa na kupoa. Na bado rangi ya mwisho, ukitazama kutoka ubavuni, ni nzito kuliko ya mwanzo, kama grafu yetu inavyosema: 0.40 dhidi ya 0.20. Anayetaka kulifanya jaribio hili akumbuke kwamba NO₂ ni sumu kwa mapafu, na madhara yake yanaweza kujitokeza saa kadhaa baada ya kuivuta. Sirinji iwe imezibwa vizuri, na kazi ifanyike penye hewa inayopita.

Kwa hiyo ninapoandika "dakika" kwenye mhimili wa chini, naazima muda mrefu ili mpindo uonekane. Umbo ni la kweli. Saa ndiyo iliyovutwa. Mjerumani Manfred Eigen alitengeneza njia ya kupandisha joto la myeyusho ghafla mno kwa umeme, kisha kupima jinsi msawazo uliosumbuliwa unavyotulia upya, na kutokana na mpindo huo akapata kasi za mimenyuko ambayo hapo awali haikuwezekana kupimwa. Mwaka 1967 alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Waingereza wawili, Norrish na Porter. Grafu kama hii yenu ndiyo waliyokuwa wakiisoma, wakiwa na muda mfupi zaidi chini yake.

Na kwa kuwa tumeshataja joto, tulimalize. Rudisha chupa ya mwanzo, 0.20 na 0.10, ujazo usibadilike. Dakika ya 10 tunaipasha moto. Mstari gani unaruka? Hakuna. Kupasha moto hakutii molekuli wala hakupunguzi nafasi. Lakini mistari yote miwili inaanza kupinda kutoka palepale ilipokuwa imelala: NO₂ inapanda kutoka 0.20 hadi 0.30, N₂O₄ inashuka kutoka 0.10 hadi 0.05. Kuvunja N₂O₄ kunahitaji joto, kama kilojuli 57 kwa kila moli, kwa hiyo joto likipanda, kuvunjika kunapewa nafasi zaidi.

Sasa pigeni hesabu ya mwisho wa mistari: 0.09 gawanya kwa 0.05. Ni 1.8. Si 0.40 tena. Wanafunzi wengi wakifika hapa hudhani wamekosea wakafuta. Msifute. Katika usumbufu wa kwanza na wa pili, mkono ulirusha Q, K ikabaki imesimama, na mmenyuko ukairudisha Q nyumbani. Katika usumbufu wa joto, Q haikuguswa kwenye nukta ile, bado ilikuwa 0.40. K ndiyo iliyohama ikaenda 1.8, na mmenyuko ukaifuata huko. Ndiyo maana hakuna mruko: nyumba imehamishwa, wenye nyumba bado hawajaondoka.

Kama kwenye grafu hakuna kilichoruka wala kilichopinda, na swali linasema kuna jambo limefanyika dakika ya 10, jibu huwa ni kichocheo, kinachoharakisha pande zote mbili kwa mara ileile, au gesi isiyomenyuka kama argoni iliyotiwa bila ujazo kubadilika. Sitakaa hapo.

Nimebakiwa na mchoro mmoja, nao nawapa muusome wenyewe kabla sijashuka. Tunaendelea na ile silinda ya pistoni, ambako tuliacha NO₂ na N₂O₄ zote zikiwa 0.40, K ni 0.40. Dakika ya 30, mstari wa N₂O₄ unaanguka wima hadi sifuri. Mstari wa NO₂ hauruki. Maabara halisi haitakuruhusu kuinyofoa N₂O₄ peke yake ukaiacha NO₂, lakini watunga mitihani hulipenda swali hili, na lina jambo la kutufundisha.

Nilinyamaza nikawaacha. Yule kijana wa mbele, aliyejibu mara ya kwanza, alifunika mruko kwa kidole kwenye daftari lake. Kisha akasema: "Mkono umetoa N₂O₄ yote. Hakuna ya kuvunjika, kwa hiyo kasi ya kuvunjika ni sifuri, lakini kuungana kunaendelea kama kawaida. NO₂ itashuka, N₂O₄ itapanda. Msawazo unaelekea kushoto."

Kwa umbali gani?

Akaandika: ikishuka NO₂ kwa 0.20, N₂O₄ itapanda 0.10. Mara 0.20 kwa 0.20 ni 0.04, gawanya kwa 0.10, ni 0.40. Akatazama namba zake mbili, 0.20 na 0.10, akafungua ukurasa wa nyuma ambako tulianzia, akanionesha kwamba mistari imelala kwenye vimo vilevile tulivyovichora asubuhi.